Kujitoa Kwenye Mlango wa Gari

(Mazungumzo na wapiga picha vijana, Lubumbashi, kama yalivyotolewa)

Jamani, karibuni. Nitawasimulia kwanza aibu yangu. Papa mmoja wa Kamalondo aliniita nimpigie picha gari lake jeusi, alikuwa analiuza. Nikasimama ubavuni mwake, shati jeupe, jua la saa nne, nikapiga. Nyumbani nikajiona kwenye picha: nimeakisiwa katikati ya mlango kama mtu aliyetundikwa. Nikafungua kompyuta, nikachukua kipande cha rangi sehemu nyingine ya mlango, nikajifunika nacho. Nilipompelekea, swali lake lilikuwa moja tu: "Mwanangu, gari langu umeligonga wapi?"

Hakuwa anatania. Mlango unaong'aa hauonyeshi rangi yake peke yake. Angalieni gari jeusi hapa kwetu wakati wa kiangazi: juu ya mlango kuna mbingu, chini kuna udongo mwekundu, na katikati mstari ambapo viwili hivyo vinakutana. Jicho linausoma mstari huo ili lijue bati limepinda vipi. Ukiukata au ukiupindisha kidogo, mtazamaji anaona bati limebonyea. Mimi nilikuwa nimechukua kiraka cha juu, penye mbingu, nikakibandika chini kwenye udongo.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya kompyuta. Weka kamera kwenye miguu mitatu. Funga kila kitu kwa mkono: mwanga, umakini, rangi, visibadilike kati ya picha na picha. Weka kipima muda sekunde 10, bonyeza, kisha ondoka. Usichutame nyuma ya kamera, maana mlango utakuona tu. Tembea upite mwisho wa gari, upande wa mbele au wa nyuma, usimame pale mpaka usikie mlio. Vaa nguo nyeusi hata hivyo, na mwenye gari akija kuchungulia, mwombe akae mbali.

Sasa imebaki miguu mitatu, myembamba na myeusi, juu ya udongo mwekundu. Hiyo ndiyo unayoifuta, na hapa sheria ni moja: chukua kiraka kutoka kushoto au kulia, kwenye kimo kilekile, usichukue juu wala chini. Rangi ya mlango inabadilika sana kutoka juu kwenda chini, lakini ukienda upande inabadilika polepole. Kiraka kikifuata mkondo huo, mstari wa udongo na mbingu unaendelea bila kukatika. Mguu ukiukata mstari wenyewe, kuza picha, uunganishe mstari kwanza, ndipo ujaze juu na chini yake.

Kama ulishapiga picha mbili kutoka palepale, moja umo na nyingine haumo, ni rahisi zaidi. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, fungua ya kwanza, ongeza ya pili kwa `File > Open as Layers...`, picha uliyomo iwe juu, uiwekee kinyago cheupe, kisha upake rangi nyeusi pale uliposimama. Mlango wa picha ya chini, ambao haukukuona, unajitokeza wenyewe. Ila mawingu yakitembea kati ya picha mbili, mbingu ya mlango haitalingana. Zipige kwa haraka.

Kuna mtu huniambia, "Mimi nitarudi nyuma tu, nitakuwa mdogo." Kwa mlango uliobinuka, kweli inasaidia. Kwa kioo cha duka, ambacho ni bapa, haisaidii: mtu wa mita 1.70 anachukua sentimita 85 za kioo, awe karibu au ng'ambo ya barabara. Duka nalo linapungua kwenye picha, kwa hiyo mnabaki kwenye uwiano uleule. Jaribuni na kioo cha kabati na kipande cha sabuni, chora kichwa na miguu yako.

Dukani kinachokuumbua ni mwanga ulio juu yako kuupita ule wa ndani. Subiri giza liingie, taa za ndani ziwake, au tundika kitambaa cheusi mbele yako chenye tundu la lenzi. Kile kichujio cha kuzungusha mbele ya lenzi, cha kupunguza mng'ao, nacho ni kizuri, lakini ukisimama moja kwa moja mbele ya kioo hakikusaidii. Kinafanya kazi ukiwa pembeni, yapata nyuzi 35 kutoka kwenye mstari unaokwenda sawasawa na kioo. Na kromi haikiogopi kabisa.

Mama wa pale nyuma ameuliza kuhusu vifuniko vya magurudumu vinavyong'aa. Mama, hivyo vimebinuka kama mgongo wa kijiko, vinaona barabara nzima pamoja na wewe. Mimi hujiacha humo, nikiwa kadogo kama mchwa. Papa wa Kamalondo mwenyewe hakuniona.