Kutafuta volatiliti iliyofichwa ndani ya bei ya opsheni

Karibuni tena. Fomula ya Black-Scholes ukiipa volatiliti, yaani kiasi ambacho bei ya hisa inayumba, inakupa bei ya opsheni. Leo tunayo bei ya sokoni, tunaitaka volatiliti. Fomula haigeuziki kirahisi, kwa hiyo tutakisia, tupime kosa, turekebishe.

Tazama skrini. Hisa iko 100, bei ya utekelezaji 100, imebaki miezi 3, yaani T ni 0.25, na riba tumeiweka sifuri. Opsheni ya kununua, yaani haki ya kuinunua hisa kwa bei hiyo ya utekelezaji, inauzwa 6. Tuanze na kisio la 0.20. Fomula inatoa 3.99, tumepungukiwa 2.01. Sasa tunahitaji vega, yaani bei inasogea kiasi gani volatiliti ikisogea. Hapa ni 19.92. Gawanya 2.01 kwa 19.92, upate 0.101, uijumlishe: 0.301. Rudia na kisio hilo. Bei inakuja 5.998, na hatua inayofuata inatua kwenye 0.3011. Kama asilimia 30, kwa hatua mbili tu. Hii ndiyo mbinu ya Newton.

Usishangilie bado. Badilisha bei ya utekelezaji iwe 150, na opsheni iuzwe 0.05. Anza tena na 0.20. Vega imesinyaa hadi 0.0066, na kugawa kwa namba ndogo namna hiyo kunakurusha hadi 7.8, asilimia 780! Ukiendelea, hatua inayofuata inakupa volatiliti hasi. Mimi nilipoandika programu yangu ya kwanza, niliona NaN, yaani “si namba”, imejaa safu nzima, nikamaliza jioni nikiilaumu data. Data haikuwa na kosa.

Dawa yake ni kumfungia Newton ndani ya uzio. Bei hupanda kila volatiliti inapopanda, kwa hiyo kila kisio linakuambia jibu liko upande gani. Weka chini 0.001 na juu 5, halafu kila mzunguko fanya hivi, s ikiwa kisio na bs(s) bei ya fomula:

```
if bs(s) < bei: chini = s
else: juu = s
mpya = s - (bs(s) - bei) / vega(s)
if not chini < mpya < juu:
    mpya = (chini + juu) / 2
s = mpya
```

Kwenye mfano wetu, 7.8 imevuka uzio, basi tunachukua katikati ya 0.20 na 5, yaani 2.6. Kutoka hapo Newton anashuka mwenyewe hadi karibu 0.58, kisha 0.44, na mwishowe anatulia karibu na 0.33.

Simamisha mzunguko kosa la bei likiwa dogo kuliko hatua ndogo kabisa ambayo soko linanukuu. Na kabla hata hujaanza, hakikisha bei ya opsheni hii ya kununua haiko chini ya `max(S - K*exp(-r*T), 0)`, ambapo S ni bei ya hisa, K ni bei ya utekelezaji na r ni riba. Ikiwa chini ya hapo, hakuna volatiliti yoyote itakayoifikia. Mara nyingi utakuta ni bei ya zamani, hisa imeshasogea.