Mwezi unahusianaje na chanja?

(Mhadhara uliotolewa kwa maafisa ugani na walimu, Kigoma mjini)

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie noti za mzungumzaji, ile karatasi unayosimama nayo mbele za watu. Sitaizungumzia yote. Nitakaa mahali pamoja tu: pale ulipomaliza jambo la kwanza na la pili hujalianza. Wengi wetu tukifika hapo tunakohoa, tunapekua karatasi, tunasema, "Ee, sasa tuendelee."

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa saa moja mwaloni Kibirizi nizungumze na kinamama wanaoanika dagaa. Nilikuwa na sehemu tatu: uvuvi wa taa, kuanika kwenye chanja zilizoinuliwa juu ya mchanga, na kuhifadhi mzigo hadi sokoni. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Nikaeleza kwamba dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana wavuvi wetu hutoka na taa usiku wa giza, zamani karabai na siku hizi za sola. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti kitu, wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Wakaitikia, maana wanayajua kuliko mimi. Kisha nikasema, "Baada ya kuona hayo, sasa tuangalie chanja."

Mama mmoja mtu mzima akanyoosha mkono. "Samahani mwanangu. Mwezi unahusianaje na chanja?"

Nikacheka kwanza, halafu nikagundua sina jibu. Kwenye karatasi nilikuwa na vichwa vitatu vya habari, na kati ya kimoja na kingine palikuwa na nafasi tupu. Aliyeniokoa ni jirani yake: "Si ndiyo hayo hayo? Giza likiingia dagaa wanakuja wote asubuhi moja. Saa tatu chanja zimejaa, wengine tunamwaga mchangani."

Sentensi hiyo ndiyo niliyopaswa kuwa nimeiandika tangu nyumbani. Mimi naiita kivuko. Niliporudi niliiandika hivi, neno kwa neno:

"Kwa hiyo dagaa hawaji kidogo kidogo mwezi mzima, wanakuja kwa wingi siku za giza. Sasa asubuhi mitumbwi yote imefika kwa pamoja: dagaa wote hao utawaanika wapi? Hapo ndipo tunapohitaji chanja za kutosha."

Tazameni inavyofanya kazi. Sentensi ya kwanza ni kumbusho, nayo haisemi "tumezungumzia uvuvi wa taa". Hicho ni kichwa cha habari, na msikilizaji hapati kitu akirudishiwa kichwa cha habari. Inasema tulichokipata humo: dagaa huja kwa wingi kwa siku chache. Sentensi ya pili inatoa shida inayozaliwa na hilo. Ya tatu inaifungulia mlango sehemu mpya, ikiingia kama jibu la shida hiyo.

Kivuko cha pili, kutoka chanja kwenda hifadhi, nilikiandika hivi: "Dagaa wa kwenye chanja wamekauka, hawana mchanga. Lakini mzigo wa giza moja hauuziki siku moja. Utakaa kwenye gunia, utapanda treni au lori, na dagaa aliyekauka juu tu huku ndani ana unyevu, ukungu utamkuta humo humo gunini."

Utajuaje kama ulichoandika ni kivuko kweli? Mimi nakipima hivi. Nachukua sentensi yangu naiweka kati ya sehemu nyingine mbili. "Baada ya kuona hayo, sasa tuangalie" inakaa popote, hata kwenye somo la kupanda michikichi, kwa hiyo naifuta. Kisha naangalia neno linaloshika pande mbili. Likiwa "kwa hiyo" au "lakini", sehemu zinashikana. Likiwa "pia" au "vilevile" tu, na kila nikijaribu jingine halikai, basi mara nyingi tatizo haliko kwenye sentensi. Nimepanga sehemu vibaya, au mojawapo haina kazi kwenye mazungumzo haya. Nimewahi kukesha nikitafuta maneno ya kuunganisha, kumbe nilitakiwa kuhamisha sehemu ya tatu iwe ya kwanza.

Sasa kiandikwe wapi. Wanaotumia PowerPoint, maelezo mnayoandika chini ya slaidi mnayaona slaidi hiyo ikiwa mbele yenu. Ukibonyeza kwenda mbele, yanaondoka. Kwa hiyo kivuko kiandikwe chini ya slaidi inayokwisha, na ukiseme kabla ya kubonyeza. Ukikiandika kwenye slaidi mpya, picha ya chanja inatokea ukutani wakati bado unazungumza habari za giza. Watu wanaanza kuisoma na hakuna anayekusikiliza. Kuna kitufe cha B pia: ukikibonyeza wakati wa kuonyesha, skrini inakuwa nyeusi, macho yanarudi kwako. Sema kivuko, bonyeza B tena, songa mbele. Wa karatasi, mstari wa mwisho wa ukurasa ndio mahali pake, kwa wino wa rangi nyingine.

Mwili wa somo uandike kwa vidokezo, maana unaujua. Kivuko kiandike chote. Akili ikiwa imechoka kumaliza jambo moja, ndipo ulimi unapokwama.

Na hapa Kiswahili kina mtego wake. Niliwahi kuandika: "Zikijaa, ndizo zinazosababisha hasara." Zipi? Wengine husema dagaa zimejaa, chanja nazo zimejaa. Msomaji atarudi mstari wa juu atazame. Msikilizaji hana mstari wa kurudia. Kwenye kivuko taja jina lenyewe: "Chanja zikijaa, dagaa wanaobaki wanamwagwa mchangani." Na tuache "kama nilivyoeleza hapo juu". Mbele za watu hakuna hapo juu, labda dari.

Kuhusu kumbusho refu kidogo, lile la katikati ya safari, liweke penye mkunjo, siyo kila dakika tano. Kwa saa moja mimi naweka moja tu, kabla ya sehemu ya mwisho, sentensi mbili. Huwa namwandikia yule aliyeingia amechelewa kwa sababu alikuwa anageuza dagaa wake juani: "Dagaa wanakuja kwa wingi siku za giza. Wenye chanja za kutosha wamewakausha bila mchanga." Akisikia hayo, anaweza kuendelea nasi.

Jambo la mwisho ni muda. Mgeni rasmi amechelewa, unaambiwa umebakiwa na dakika ishirini. Utaruka sehemu ya pili, na vivuko vyako vyote viwili vitakufa, kwa sababu kimoja kinaishia kwenye chanja na kingine kinaanzia hapo hapo. Kwa hiyo nyuma ya karatasi naandika cha dharura, kinachotoka ya kwanza moja kwa moja hadi ya tatu: "Dagaa wanakuja kwa wingi siku za giza, lakini wanunuzi wanahitaji dagaa mwezi mzima. Kwa hiyo mzigo wa leo lazima ukae. Utakaaje bila kuoza?" Chanja zimerukwa na hakuna aliyeona pengo. Nimekitumia mara mbili, moja hapa hapa mjini.

Haya, toeni zile karatasi mlizokuja nazo. Tafuteni mlipoandika "sasa tuendelee", pigeni mstari, kisha mpe jirani yako akuulize swali la yule mama.