Soksi yenye kihisi: je, inafulika?

Haya jamani, wa nyuma mnaoingia kaeni tu popote, tunaanza. Leo siongelei nguo za kielektroniki zote, nashika soksi moja tu, ile yenye kihisi cha mkandamizo kwenye kisigino. Mtu aliyeumia mguu anajifunza kutembea upya, kisigino kikigusa chini soksi inajua. Swali la kwanza ambalo watu huwa wanauliza ni hili: ikichafuka je? Maana soksi ni soksi, itanuka tu.

Tuione kwanza imetengenezwaje. Chini ya kisigino kuna vipande viwili vya kitambaa kinachopitisha umeme, katikati yao kuna karatasi nyeusi ya plastiki yenye kaboni, wengi wanaijua kwa jina la Velostat. Ukiikanyaga ukinzani wake unashuka, ukiondoa mguu unapanda, basi. Kutoka kila kipande unapanda mstari wa uzi unaopitisha umeme, tuseme sentimita 25, mpaka kwenye kifundo cha mguu ambako kuna kibodi kidogo cha Arduino, yaani bodi ndogo ya saketi inayosoma kihisi, na betri. Mistari miwili, jumla nusu mita ya uzi.

Sasa huo uzi uko wa aina mbili kuu na hapa ndipo ufuaji unapoamuliwa. Kuna uzi wa nailoni uliopakwa fedha, laini, mzuri kushonea, cherehani inaupenda. Na kuna uzi wa stenlesi, wenyewe ni nyuzinyuzi za chuma tupu, mgumu kidogo na mikia yake inachanua ukikata. Ule wa fedha umeme unapita kwenye ngozi ya nje tu, ndani ni nailoni, kwa hiyo ni kama kamba iliyopakwa rangi, ukiikunjakunja rangi inapasuka na kumenyuka hata kama kamba yenyewe bado nzima. Stenlesi haina rangi ya kumenyuka. Ndo maana kwa soksi mi nachagua stenlesi hata kama inanichosha kushona, kwa kofia ambayo haifuliwi hovyo natumia ya fedha bila wasiwasi.

Watu wanadhani adui ni maji. Maji peke yake, betri ikiwa imetolewa na kitu kikakauka vizuri, hayana shida kubwa. Adui ni msuguano, kule kusokotwa na kukamuliwa na kugongana na zipu ya suruali ndani ya mashine. Adui wa pili ni kemikali, blichi hasa, inakula fedha na hata stenlesi haiipendi. Dawa ya kulainisha nguo nayo inaacha utando juu ya nyuzi, na uzi wetu unategemea nyuzi kugusana, kwa hiyo utando huo unaongeza ukinzani pale pale kwenye maungio. Alafu jasho lina chumvi, ukiacha soksi na jasho lake wiki nzima kwenye begi fedha inaanza kuwa nyeusi. Ila msiitupe kwa sababu ya weusi tu, mara nyingi bado inapitisha, pima kwanza.

Tupige hesabu maana hapa ndo penye utamu. Uzi wetu tuseme una nusu omu kwa kila sentimita, nusu mita ni omu 25. Kihisi kikikanyagwa kina omu 2,000, hakijakanyagwa kina omu 50,000. Tunakiunga na rezista ya omu 10,000 inayoenda ardhini, na Arduino inasoma katikati yao, 0 mpaka 1023. Mguu ukiwa juu inasoma kama 170, ukikanyaga kama 851. Sasa soksi imefuliwa fuliwa mpaka uzi umeharibika mara kumi, umefika omu 250. Ukikanyaga inasoma 835. Yaani uzi umechoka mara kumi na kihisi hakijali, umepoteza 16 tu kati ya mia nane na kitu.

Sasa chukua uzi ule ule uuambie ulishe kimota kidogo cha kutetemesha, kinataka miliampia 60 kwa volti 3, yaani chenyewe ni kama omu 50. Ukiwa mpya na omu 25 zake kimota kinapata miliampia 40, kinatetemeka kivivu. Ukifika omu 250 kinapata 10, hakisogei kabisa. Kwa hiyo mtu akiniuliza soksi inafuliwa mara ngapi namuuliza uzi unabeba nini. Ukibeba habari tu utadumu sana, ukibeba nguvu utakufa mapema, ndo maana betri na kimota na kibodi viwekwe pamoja pale kifundoni na uzi mrefu uachiwe kihisi peke yake.

Dada hapa mbele ananiuliza mbona ya kwake ilikufa baada ya kufuliwa mara chache tu na uzi unaonekana mzima. Dada, angalia maungio. Pale uzi unapozunguka tundu la kibodi ndipo panapolegea kwanza, kwa sababu kibodi ni kigumu na kitambaa ni laini, kila mkunjo unaishia pale. Zungusha uzi mara tatu nne, uvute ukaze, funga fundo, na tone la rangi ya kucha juu ya fundo lisifunguke. Mikia ikate fupi, maana ukichanuka na kugusa mstari wa jirani utapata masomo ya ajabu, yaani namba anazosoma Arduino zitaruka ovyo. Namna ya kujua ni rahisi, weka maltimita kwenye ncha mbili za mstari alafu ukunje ukunje kitambaa taratibu kutoka juu kwenda chini. Namba ikipanda polepole sehemu yote, uzi umechakaa. Ikirukaruka ukigusa sehemu moja tu, tatizo liko hapo hapo, shona upya hapo.

Kibodi na betri usizishone moja kwa moja, weka vifungo vya chuma vya kubonyeza, mfuaji anavibandua. Betri ya lithiamu haiingii majini, hapo hakuna mjadala. Velostat nayo iwekee mfuko mdogo itoke, ikikunjamana inabaki na alama na masomo yanahama. Soksi iliyobaki ifue kwa mkono, maji baridi au vuguvugu, sabuni laini, usikamue kwa kusokota, bonyeza maji yatoke kwa taulo. Ikiwa lazima mashine basi ndani ya mfuko wa wavu, nyuzi joto 30, bila kikaushio cha moto.

Na usiwashe ikiwa mbichi. Maji yenye mabaki ya sabuni yanaunganisha ile mistari miwili, kibodi kinadhani umekanyaga wakati soksi iko kwenye kamba, na umeme ukipita kwenye unyevu huo chuma kinaanza kuliwa.

Kwa vile kila ufuaji unasogeza masomo kidogo, msiandike namba ya kudumu kwenye programu. Vaa, nyanyua mguu, washa, iache ijipimie yenyewe:

```
int msingi;
void setup() {
  pinMode(13, OUTPUT);
  delay(2000);
  msingi = analogRead(A0);
}
void loop() {
  digitalWrite(13, analogRead(A0) > msingi + 300);
}
```

Siku utakayokanyaga na tofauti haifiki tena hiyo 300, toa Velostat uweke mpya kwanza, ndiyo inachoka zaidi. Ikigoma bado, fumua mistari miwili ushone mingine, soksi yenyewe na kibodi unaendelea navyo.