Makato ya kila mwezi na akiba ndogo

Haya jamani tusogee mbele, leo nataka tukae na hesabu moja tu maana ndo inayowaumiza wenye akiba ndogo na wengi hawaioni. Chukua akaunti ya akiba inayotoa riba asilimia 6 kwa mwaka, makato ya mwezi 500. Tangazo litakuonyesha ile 6 kwa maandishi makubwa, ile 500 unakuja kuikuta kwenye stetimenti.

Sasa zidisha 500 mara 12, unapata 6,000 kwa mwaka, na hii haijali una kiasi gani ndani. Mwenye 40,000 riba yake ya mwaka ni 2,400, akilipa 6,000 anabaki na 36,400. Yaani kaweka hela, hajagusa hata senti, na imepungua 3,600, asilimia 9 imeondoka! Mwaka wa pili riba inahesabiwa kwenye salio lililopungua kwahiyo inatoka 2,184 tu, makato yako palepale 6,000, anashuka hadi 32,584. Ona kasi inavyoongezeka, mwaka wa kwanza kapoteza 3,600 wa pili 3,816, na itaendelea hivyo hivyo mpaka iishe kama haongezi kitu.

Salio la kutoka sare unalipata kwa kugawa makato ya mwaka kwa riba, 6,000 gawanya kwa 0.06, jibu 100,000. Chini ya hapo unaliwa, juu ya hapo unakua. Ila kuna kodi ya zuio, na hili linaniuma sana: pale inapotozwa, inakatwa kwenye riba yenyewe, hawaangalii kwamba makato yameshaimeza riba yote. Tuseme kodi ni asilimia 10, riba inayokufikia inakuwa 5.4, na salio la kutoka sare linapanda hadi kama 111,000 hivi. Kwahiyo hata yule anayepoteza hela analipa kodi ya faida.

Lakini kutoka sare sio mwisho wa tatizo. Tuiache kodi kidogo, mwenye 200,000 anapata 12,000 analipa 6,000, nusu ya riba imeenda, akaunti yake kiukweli inatoa asilimia 3. Mimi naona makato yanaacha kusumbua pale yanapokula sehemu ya kumi ya riba au chini ya hapo, yaani salio liwe mara kumi ya lile la sare, hapa ni milioni moja, unabaki na asilimia 5.4.

Na akaunti nyingine zinasamehe makato ukifikisha kiwango fulani, hapo uliza swali moja kabla hujasaini: wanaangalia wastani wa mwezi au salio la chini kabisa? Maana kama ni la chini kabisa, ukitoa siku moja tu ukashuka chini ya kiwango, mwezi ule unakatwa hata kama kesho yake umerudisha.