Kuandika lengo linalopimika kwenye mpango wa uuguzi: mfano wa maumivu baada ya upasuaji

Karibuni, wadogo zangu mnaoingia wodini kwa mara ya kwanza hapa Mbeya. Leo tunajaza safu moja tu ya mpango wa uuguzi: lengo na matokeo tarajiwa. Mfano wetu ni mama aliyejifungua kwa upasuaji jana jioni, na tatizo lake ni maumivu ya kidonda.

Tazameni karatasi hii. Imeandikwa: "Kumpa mama dawa ya maumivu." Hiyo ni kazi yako wewe, ihamishie kwenye safu ya hatua za uuguzi. Lengo humtaja mgonjwa. Hapa chini kuna "Maumivu yatapungua." Yatapungua kutoka ngapi hadi ngapi, na kufikia lini? Anayekupokea zamu hawezi kujua.

Kwa hiyo anzia kitandani. Mwambie: "Mama, pole. Kama 0 ni hakuna maumivu kabisa, na 10 ni makali kupita yote, yako ni ngapi sasa?" Muulize akiwa ametulia, kisha akigeuka, kwa sababu majibu hutofautiana sana. Kama ni bibi anayezungumza Kinyakyusa zaidi, tafuta mwenzako wa kukutafsiria, wala usimkadirie namba kwa kumtazama usoni. Mama wetu anasema 4 akitulia, 8 akigeuka. Muulize pia maumivu yanamzuia nini. Anajibu: kukaa na kumnyonyesha mtoto.

Sasa andika. Lengo: mama atapata nafuu ya maumivu. Chini yake, matokeo tarajiwa mawili:

"Mama atataja maumivu 4 au chini ya hapo anapogeuka, ifikapo 10:00."

"Mama atakaa na kumnyonyesha mtoto kwa kusaidiwa na mtu mmoja, kabla ya 14:00."

Nimeweka 4 kwa kuwa siku ya kwanza baada ya upasuaji, 0 ni kumwahidi mama kisichowezekana. Muda unatokana na dawa: vidonge amepewa 09:00, navyo hukaguliwa baada ya saa moja hivi. Ya sindano ya mshipa ungeikagua mapema zaidi. Na tumia mtindo wa saa 24. Ukiandika "saa 4", mmoja atasoma asubuhi, mwingine usiku.

Ikifika 10:00, rudi umuulize vilevile. Akisema 5 akigeuka, andika: "Halijafikiwa kikamilifu, maumivu 5 kutoka 8." Usifute 4 ukaweka 5 ili lionekane limefikiwa. Mweleze muuguzi wa zamu, angalieni dawa na namna alivyolazwa, kisha panga saa mpya ya kukagua. Lakini maumivu yakizidi, tumbo likiwa gumu au homa ikipanda, acha karatasi hapo ulipo na umwite muuguzi wa zamu mara moja.