Mteja Amelipa, Ninyi Mmemwandika Mtoro

Chati hii ya hatua za mnunuzi mtandaoni, kutoka kikapuni hadi malipo, nimeletewa mara nyingi mno, na anayeileta huweka kidole palepale: kwenye malipo. "Hapa ndipo wanapotukimbia." Kisha kinaitishwa kikao cha kubadilisha rangi ya kitufe. Jamani, kitufe kimewakosea nini?

Tuandike namba za mfano ubaoni. Duka la viatu mtandaoni, hapa Nairobi, wiki moja. Oda 1,000 zimefika kikapuni. Wateja wa oda 620 wameanza kujaza mahali pa kupelekewa mzigo, 400 wamemaliza, 380 wamebonyeza "Lipa kwa M-Pesa". Ukurasa wa asante umefunguka kwa oda 210. Meneja anatoa 210 kwenye 380 na kulia: oda 170 zimepotea mlangoni!

Hiyo 210 imetoka wapi? Imetoka kwenye kivinjari cha mteja. Tukio la `purchase` limewekwa lirekodiwe ukurasa wa asante ukifunguka. Sasa mfuateni mnunuzi mwenyewe. Anabonyeza, ombi la PIN linatokea kwenye simu ileile, anaweka PIN, ujumbe wa M-Pesa unaingia. Anausoma, anaona pesa imetoka, anaiweka simu mfukoni. Arudi kwenye tovuti yenu kufanya nini? Simu yenye memori ndogo huenda imeshaufunga ukurasa. Mteja amelipa, ninyi mmemwandika mtoro, na kesho mtamtumia ujumbe kwamba amesahau kitu kikapuni. Amesahau nini, na pesa yake mnayo?

Najua mtasema Google Analytics haionyeshi hivyo. Itaonyeshaje, na ukurasa wake haukufunguka? Malipo yahesabiwe kwenye seva, pale jibu la Safaricom linapoingia. Kila jibu lina `CheckoutRequestID`, inayowaambia ni ombi lipi, na `ResultCode`, inayowaambia lilivyoishia. Lakini msihesabu majibu, hesabuni oda. Mtu hujaribu mara tatu ndipo ya tatu ikubali. Mkihesabu majibu, mnapata watoro wawili na mnunuzi mmoja, na wote ni mama mmoja wa Rongai. Oda yenye `ResultCode` ya `0` kwenye jibu lolote imelipwa. Isiyo nayo, chukueni jibu lake la mwisho. Na ombi lisilorudishiwa jibu kabisa, seva yenu iulize hali yake kabla hamjaliita kosa la mteja.

Kwenye mfano wetu, hesabu hiyo inatoa oda 262 zilizolipwa. Oda 52 hazikupotea popote. Zimebaki 118, nazo si kundi moja: 41 zina `1032`, 39 zina `1037`, 30 zina `1`, na 8 zina `2001`.

`1` ni salio halitoshi, na hapo hakuna rangi ya kitufe itakayosaidia, labda mumkumbushe jioni. `2001` ni PIN iliyokosewa. `1037` ni kwamba simu haikujibu: mtandao, simu imezimwa, au ameangalia pembeni muda ukaisha. Huyo anahitaji kitufe cha kutumiwa ombi tena, na namba ya Paybill iandikwe hapohapo alipe kwa mkono.

Ninaowashughulikia hasa ni wa `1032`, walioghairi wenyewe. Fungueni simu muone anachokiona. Ombi linataja jina la biashara kama lilivyosajiliwa, na duka lenu linaloitwa hivi mtandaoni limesajiliwa kwa jina la kampuni ambayo mteja hajawahi kuisikia. Mtu anaombwa PIN na asiyemjua, katika nchi hii yenye matapeli wa simu kila siku! Kughairi ni akili. Andikeni chini ya kitufe, kabla hajabonyeza: "Utaona jina fulani kwenye simu yako." Kisha linganisheni `1032` za kabla na za baada. Mbunifu wa tovuti hawezi kuliona tatizo hili, kwa kuwa haliko kwenye tovuti.

Naona saa inanikimbiza, basi hatua ya anwani niiguse tu, ingawa ndiyo iliyopoteza oda 220, nyingi kuliko malipo. Rekodini eneo alilochagua mteja na nauli aliyoonyeshwa. Wakiondoka mara nauli inapotokea, wengi walikuwa wanauliza bei, na hamkuwa mmewapa mahali pengine pa kuuliza; nauli ionyesheni kikapuni. Wakikwama kabla ya nauli, angalieni kama mmelazimisha sanduku la posta kwa mtu anayeelekeza kwa kituo cha mafuta na geti jeusi.

Kikapu chenyewe msikihofie sana, watu hukitumia kulinganisha bei. Wanaoacha fomu wakaagiza kwa WhatsApp, tafuteni namba zao za simu kwenye oda za WhatsApp kabla ya kuwalilia. Na wa kulipa mzigo ukifika waondoeni kwenye hesabu ya malipo. Hawajawahi kupita mlango huo.