Jicho Linapita, Jicho Linagota: Kioo cha Kati chenye Kamera

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya madereva na mafundi wa magari. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Mlima leo umejifunika, nilitaka kuutumia kwa mfano, lakini tanki la maji lile pale nje litatosha.

Nianze na lugha, maana ndiyo inayotupoteza. Sisi tuna neno moja, kioo. Dirisha ni kioo, cha kujitazamia ni kioo, uso wa simu nao ni kioo. Kwa hiyo mteja akija gereji akasema "fundi, kioo changu cha kati hakionyeshi vizuri", unaanza kutafuta ubovu usiokuwepo. Hiki tunachokizungumza leo ni skrini iliyojificha nyuma ya kioo. Nissan walikionyesha mwaka 2014, na sasa kinatufikia kwa wingi ndani ya magari yaliyotumika Japani, hasa Harrier mpya mpya.

Kinavyofanya kazi si siri. Nyuma ya gari kuna kamera, mara nyingi ndani ya dirisha la nyuma kwa juu, au nje karibu na namba ya gari. Picha inageuzwa kulia iwe kushoto, ili ifanane na ya kioo, kisha inapelekwa mbele kwenye skrini. Juu ya skrini kumewekwa kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu. Skrini ikiwaka, unaiona. Ikizimwa, kinabaki kioo cha kawaida. Chini kuna kiwiko kidogo, kile ambacho zamani tulikisukuma usiku taa za fulu zikituumiza macho. Humu kiwiko hicho ndicho kinachobadilisha kutoka kioo kwenda skrini. Faida yake mnaijua: mizigo ijae mpaka darini, abiria wakae watatu nyuma, kamera inaona tu.

Sasa niwasimulie habari za mzee mmoja. Ni mteja wangu, ana miaka 56, anakwenda Arusha na kurudi karibu kila siku kwa Harrier yake. Alikuja akilalamika kwamba picha ina ukungu. Fundi mwingine alishamwambia kamera imekufa, anunue nyingine. Sikugusa kamera. Nilichukua simu, nikakaa kwenye kiti chake, nikapiga picha ya skrini, kisha nikampa aitazame kwa umbali anaosomea gazeti. Herufi za kibao kilichokuwa nyuma ya gari zilisomeka zote. Akaniangalia. "Mangi, kumbe ni mimi?"

Ni yeye, ndiyo, lakini si ugonjwa. Tufanye jaribio. Bibie hapo mbele, chukua kioo hiki kidogo, lipe dirisha mgongo, ulitafute tanki ndani ya kioo. Umeliona? Hapo kwenye kioo nimepaka alama ya kidole. Unaiona vizuri pamoja na tanki? Huwezi. Ukilishika tanki kwa macho, alama inafifia, na ukiishika alama, tanki linafifia. Kioo unakishika mkononi, lakini jicho lako limejipanga kutazama umbali wote mpaka kwenye tanki. Kwenye kioo jicho linapita. Kwenye skrini jicho linagota pale pale.

Ndiyo maana dereva anayetazama barabara kisha kioo cha kawaida habadilishi chochote ndani ya jicho, kote ni mbali. Akitazama skrini, lenzi ya jicho inabidi ijikunje. Nilipima kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye jicho la mzee hadi kwenye kioo: sentimita 68. Wataalamu wa macho huhesabu kazi hiyo kwa diopta, yaani moja gawanya kwa mita. Moja kwa 0.68 ni karibu diopta 1.5. Kijana wa miaka 20 hata hajui kwamba amefanya kazi. Mtu wa miaka 56 uwezo wake wote kwa kawaida umebaki kama diopta 2 tu au chini, na jicho halipendi kutumia uwezo wake wote, kama wewe usivyopenda kupanda mlima injini ikiwa mwisho wa nguvu. Anaweza kuiona picha kwa kujilazimisha, ila inachelewa kutulia, na akirudi barabarani barabara nayo inachelewa.

"Lakini ninavaa miwani," akasema. Miwani yake ni ile ya sehemu mbili, juu ya mbali, chini ya kusomea. Kioo cha kati kiko juu, tena kushoto kwake. Kwa hiyo anakitazama kupitia sehemu ya mbali, ambayo haimsaidii hata kidogo. Ili atumie ya chini inabidi ainue kidevu kama anayenusa mvua, na hata hapo haifai sana, kwa sababu ile imepimwa kwa kitabu kilichoko sentimita 40. Kuna lenzi zenye kipande cha karibu kwa juu, wanazitumia watu wanaofanya kazi wakitazama vitu vilivyo juu ya vichwa vyao. Mpimaji macho anaweza kukutengenezea, mradi umpelekee ule umbali uliopima mwenyewe ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Usiendeshe na miwani ya kusomea. Utaona skrini safi kabisa na lori lililo mbele yako hutaliona sawasawa. Kusogeza kiti nyuma kunasaidia kidogo mno, maana sentimita 68 zikiwa 75 umeokoa diopta 0.14 tu.

Mzee wangu aliamua kwa urahisi zaidi. Kiwiko kinabaki upande wa kioo, na skrini anaiwasha siku ambayo nyuma kumejaa mizigo.

Ikiwa picha ya simu nayo ina ukungu, hapo ndipo uende kwenye kamera. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa laini chenye maji, hasa ile ya nje, maana vumbi letu la kiangazi linajenga ngozi juu yake. Ikiwa kamera iko ndani, futa dirisha mbele yake, kisha tazama kama kuna tinti. Tinti hiyo mchana haina neno, usiku inaua picha. Ukungu ulio ndani ya lenzi yenyewe, ule unaokuja asubuhi ya baridi na kuondoka jua likipanda, ni maji yameingia. Kamera hiyo badilisha.

Mng'ao nao. Barabara yetu inatuonea. Ukitoka Arusha jioni kuja huku, jua liko mgongoni. Ukienda Arusha alfajiri, jua liko mgongoni vilevile. Watu wanalaumu kamera, na kweli jua likiingia moja kwa moja kwenye lenzi picha inafifia, lakini mara nyingi mwenye kosa ni kile kioo cha nusu kilicho juu ya skrini. Hakijaacha kazi yake. Kinaendelea kurudisha mwanga wa dirisha la nyuma juu ya picha, ukawa na picha mbili zinazogombana. Dawa yake haina gharama. Weka kiwiko upande wa skrini, kisha elekeza kioo mpaka kinachorudishwa kwenye jicho lako kiwe dari ya gari badala ya dirisha. Dari ya kitambaa cheusi ni nzuri sana. Picha ya kamera haihami ukikiinamisha, kwa hiyo hupotezi kitu. Ikibaki haijakaa sawa juu na chini, irekebishe kwenye menyu, si kwa kuvuta kioo.

Naona madereva wa watalii wananitazama. Ndiyo, nyinyi mna tatizo. Paa lenu likifunguliwa, hakuna dari. Kioo kinarudisha mbingu, na hakuna mwangaza wa skrini utakaoishinda mbingu ya saa sita mchana. Humo rudini kwenye kioo cha kawaida.

Usiku mambo yanageuka, skrini inakuwa kali kuliko barabara. Punguza mwangaza kwenye menyu hadi taa za gari la nyuma zisiwe mipira mikubwa myeupe. Taa za LED zikionekana zinapepesa, acha, si ubovu. Taa hizo zinawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni, kamera inaishika.

La umbali nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lililomtia mzee hofu. Kwenye mteremko wa Kikavu alilipita lori, akatazama skrini, akaliona liko mbali, akarudi kushoto. Honi iliyopigwa anaisikia hadi leo.

Tuhesabu. Lori liko mita 20 nyuma ya gari lako. Kwenye kioo cha kawaida unaongeza urefu wa kutoka kwenye jicho hadi nyuma ya gari, linaonekana kama lipo mita 24 hivi. Kamera iko nyuma kabisa, inaliona kwa mita 20, ungetegemea liwe kubwa zaidi. Lakini kamera inaona upana mkubwa, tuseme digrii 50, na upana huo wote unabanwa kwenye skrini ya sentimita 25 ambayo kwa umbali wa sentimita 70 inajaza digrii 20 tu za macho yako. Lori linasinyaa hadi kuonekana kama lipo mita 50. Ni zaidi ya mara mbili ya ulivyozoea. Na kwenye skrini macho mawili yanapata picha ileile moja, ukisogeza kichwa hakuna kinachojificha wala kufichuka. Umbali unabaki kuukisia kwa ukubwa tu, na ukubwa ndio uliodanganya.

Magari mengi yana sehemu ya kukuza picha kwenye menyu. Tulisimamisha gari la mwanangu nyuma ya Harrier, tukawa tunabadilisha kioo, skrini, kioo, skrini, tukikuza mpaka ukubwa ukakaribiana. Haukufikia sawa kabisa, na upana ulipungua. Baada ya hapo usiguse tena, maana kila ukibadilisha unaanza kujifunza upya. Kisha tukapanga madumu matatu ya njano kwenye uwanja tambarare, mita 5, 10 na 20 kutoka kwenye bampa. Mzee akakariri kila dumu linakanyaga wapi kwenye skrini. Tairi za lori zikiwa chini ya alama ya dumu la tatu, hujafika mita 20, usirudi.

Swali la yule kijana: vile vya kufunga kwa mpira juu ya kioo cha zamani? Mambo ni yaleyale, isipokuwa vingi havina kiwiko, kwa hiyo ukikielekeza darini na skrini ikazima njiani, umebaki na dari. Kabla ya kufunga kamera yake, simama nyuma ya gari ukilitazama, uinue mkono wa kushoto. Dereva auone upande wa kushoto wa skrini. Akiuona kulia, picha haijageuzwa. Tafuta kwenye menyu, au kwenye waya wa kamera kuna kitanzi kidogo cha kukata, soma karatasi yake ujue ni cha rangi gani kabla hujachukua mkasi.